Soma boksi, lakini usome nini?

"Shikamoo dokta. Umetutumia ujumbe kwenye kundi la mtaa kwamba kabla ya kumpa mtoto dawa yoyote tusome boksi kwanza. Nimetoa maboksi matatu kabatini, nimeyasoma yote, na bado sijui nimesoma nini. Mawili ni ya parasetamoli, moja limeandikwa 120 mg/5 ml na jingine 100 mg/ml. La tatu ni la mafua. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, kilo 11, na homa imeanza leo jioni. Niangalie kipi hasa?"

Marahaba mama. Nianze na usiku wa leo, maelezo yatafuata. Kama mtoto ananyonya au anakunywa, hatapiki kila anachopewa, hajapata degedege, na ukimwita anakutazama, chukua boksi la 120 mg/5 ml. Hakikisha chupa iliyomo ndani nayo imeandikwa hivyo hivyo, itikise, mpe mililita 5, kisha yale maboksi mengine mawili yarudishe juu kabatini. Kama hata kimoja kati ya hivyo nilivyotaja hakiko sawa, achana na maboksi, mpeleke hospitali usiku huu huu. Na hata akichangamka baada ya dawa, kesho asubuhi akapimwe malaria. Parasetamoli inashusha joto tu, kilicholeta homa kinabaki mwilini.

Sasa kuhusu ule ujumbe wangu. Niliufanya mfupi ili mtu ausome hata akiwa amembeba mtoto anayelia, lakini swali lako limenionyesha kwamba niliacha nje jambo lenyewe. Boksi la dawa lina maandishi mengi, na sehemu kubwa ni ya watu wengine: mkaguzi, mwenye ghala, muuza dawa. Wewe mzazi uanze na mstari mmoja tu, ule unaosema katika maji ya ujazo fulani kuna dawa kiasi gani. Huhitaji Kiingereza kuupata. Tafuta namba inayofuatwa na herufi mg, halafu utazame pembeni yake kuna ml ngapi. Wewe umeshazipata zote mbili bila kujua kwamba ndizo zenyewe.

Mg ni miligramu, yaani dawa yenyewe. Ml ni mililita, yaani maji yanayoibeba. Vikombe viwili vya chai vinaweza kujaa sawasawa, kimoja kikawa na kijiko kimoja cha sukari na kingine vinne, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Chupa zako mbili ziko hivyo hivyo. Ile ya 120 mg/5 ml ina miligramu 120 katika mililita 5, na ukigawanya utaona kila mililita moja ina miligramu 24. Ile nyingine ina miligramu 100 katika mililita moja. Kwa hiyo ya pili ni kali kuliko ya kwanza mara nne na zaidi kidogo, na zote mbili zina jina lile lile, harufu inayokaribiana, na pengine rangi moja.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza, wakiwemo wasomi. Chupa ya 100 mg/ml ni ya matone. Ni ndogo, mara nyingi ya mililita 15, na juu ya boksi kuna picha ya mtoto mchanga au maneno yanayoonyesha ni ya wadogo. Mtu akiiona anajiambia kwamba dawa ya kichanga lazima iwe hafifu, kwa hiyo ukimpa mtoto mkubwa kidogo unaongeza. Ukweli ni kinyume. Matone yalitengenezwa yakiwa makali kwa sababu mtoto mchanga hawezi kumeza maji mengi. Mtoto wa kilo 5 anahitaji miligramu 50 hadi 75 kwa mara moja. Kwa dawa ya 120 mg/5 ml hizo ni mililita 2 hadi 3, na nusu yake ataitema. Kwa matone ni nusu mililita na kidogo, inaingia kwenye shavu na kumezwa. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, balaa likaja pale chupa zote mbili zilipokaa kabati moja. Huko Marekani mkanganyiko huo ulisababisha makosa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2011 watengenezaji wakakubali kuachana na matone makali ya watoto wachanga na kubaki na nguvu moja, miligramu 160 katika mililita 5, kwa dawa zote za maji za parasetamoli za watoto. Kwetu nguvu zote bado zipo rafuni: matone, ile ya 120, na ya 250 mg/5 ml ambayo ni ya watoto wakubwa. Ndiyo maana kazi ya kuzitenganisha inabaki kwa anayeuza na anayenywesha.

Nikueleze kisa kilichonifanya nianze kutuma ujumbe wa namna hii. Asubuhi moja bibi mmoja alikuja kwenye duka langu la dawa na mjukuu mgongoni, mtoto wa kike wa kilo 9. Akaweka chupa tupu mezani, akaniambia, "Nipe nyingine kama hii, imekwisha." Nikaitazama. Ilikuwa ya matone, 100 mg/ml, ujazo mililita 15. Nikamuuliza ilinunuliwa lini. Akasema baba wa mtoto aliileta jana jioni akitoka kazini, kwa kuwa ile waliyoizoea iliisha dukani, na muuzaji alimwambia ni ile ile parasetamoli, ampe kama kawaida.

Kawaida ya nyumba ile ilikuwa kijiko kimoja. Bibi alimpa kijiko saa mbili usiku, kingine usiku wa manane mtoto alipoamka, na cha tatu alfajiri. Vijiko vitatu vya mililita 5 vinamaliza chupa ya mililita 15, na ndivyo ilivyokuwa. Hesabu niliifanya palepale nyuma ya boksi la kondomu kwa kuwa karatasi ilikuwa mbali: mililita 15 mara miligramu 100 ni miligramu 1,500. Gawanya kwa kilo 9, ni takriban miligramu 167 kwa kila kilo ya mtoto, katika muda usiozidi saa kumi hivi. Kipimo sahihi cha siku nzima, saa 24, hakizidi miligramu 60 kwa kilo.

Na mtoto alikuwa anacheza. Joto lilikuwa limeshuka, alikuwa anavuta ushungi wa bibi yake na kucheka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu najua parasetamoli iliyozidi inavyofanya kazi. Ini linaivunja, na katika kuivunja hutokea sumu kidogo ambayo ini lina akiba ya kuizima. Dawa ikiwa ya kipimo, akiba inatosha na hakuna kinachodhurika. Ikizidi, akiba inaisha, na sumu inaanza kuunguza chembe za ini lenyewe. Mtoto ambaye hajala vizuri kwa siku mbili kwa sababu ya homa ana akiba ndogo zaidi. Lakini uharibifu huo hauonekani siku ya kwanza. Saa 24 za mwanzo mtoto anaweza kutapika kidogo au kupauka, na anaweza asionyeshe lolote. Siku ya pili na ya tatu ndipo huja maumivu chini ya mbavu za kulia, macho ya manjano, kulegea, sukari kushuka.

Nilifunga duka, nikapanda nao bajaji hadi hospitali, chupa mkononi. Kwa kuwa tulikuwa na chupa, uzito wa mtoto kutoka kadi ya kliniki, na saa za kila kijiko, daktari hakupoteza muda kuulizauliza. Walimchukua damu ya kuangalia ini, wakamuwekea dripu ya dawa inayorudishia ini akiba yake, inaitwa asetilisisteini. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kuzidisha, na baada ya hapo nguvu yake inapungua kadiri muda unavyokwenda, ingawa bado hutolewa. Mtoto alipona. Bibi hakumpa mjukuu sumu. Alimpa kijiko alichofundishwa, na hakuna aliyemwambia kwamba chupa imebadilika.

Turudi kwako, maana kilo 11 si kilo 9. Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja. Umri ulioandikwa kwenye boksi ni makadirio ya uzito, na watoto wa mwaka mmoja na nusu hawalingani. Yupo wa kilo 8 na yupo wa kilo 13. Ndiyo maana nakuomba uzito wa kadi ya kliniki, ule wa karibuni. Kilo 11 mara 10 ni 110, mara 15 ni 165. Kwa hiyo mwanao anahitaji kati ya miligramu 110 na 165 kila anapopewa. Mililita 5 za dawa ya 120 mg/5 ml zinampa 120, ziko ndani ya mipaka, ndiyo maana nimekuambia hizo. Kwa matone, miligramu 120 ile ile ni mililita 1.2 tu. Ukimpa matone kwa kijiko cha mililita 5, umempa miligramu 500, sawa na kidonge kizima cha mtu mzima, mara tatu ya kiwango cha juu kabisa anachostahili.

Baada ya hapo ni muda. Kati ya dozi na dozi zipite saa nne kwa uchache, na kwa nyumbani napenda zipite sita. Kwa saa 24 zisizidi dozi nne. Hapa Kiswahili chetu kinatuponza: ukimwambia mtu "mpe kila saa sita", wako wanaosikia saa sita mchana na saa sita usiku, na wako wanaohesabu saa kuanzia dozi ya mwisho. Chukua kalamu, uandike juu ya boksi lenyewe saa uliyompa. Kama umempa saa mbili usiku, andika "2 usiku", na inayofuata, kama joto limerudi, ni saa nane usiku. Akiwa amelala vizuri usimwamshe kwa ajili ya parasetamoli. Ukiandika kwenye boksi, dada wa kazi, bibi au baba atakayeamka usiku hatahitaji kukuuliza, na dozi haitatolewa mara mbili na watu wawili wenye nia njema.

Boksi lako la tatu, la mafua, linanipa wasiwasi zaidi kuliko matone, kwa sababu matone angalau jina lake liko wazi. Geuza hilo boksi la mafua. Mbele lina jina la biashara, picha ya mtoto na labda ya tunda. Pembeni au nyuma, kwa maandishi madogo, kuna orodha ya viambato, na kila kimoja kina mg zake. Tafuta neno Paracetamol, au jina lake jingine Acetaminophen. Ni dawa moja. Dawa nyingi za mafua za watoto zina vitu vitatu kwa pamoja: parasetamoli, dawa ya kukausha kamasi, na dawa ya mzio inayoleta usingizi. Nyingi nilizoziona zina miligramu 125 za parasetamoli katika kila mililita 5.

Tazama kinachotokea mama akiwa makini kabisa, akafuata kila boksi kama lilivyoandikwa. Anampa mtoto wa kilo 11 dawa ya homa mililita 5 mara nne kwa siku. Hizo ni miligramu 480. Kwa kuwa pua nayo imeziba, anampa na ya mafua mililita 5 mara tatu. Hizo ni 375. Jumla 855. Kiwango cha juu cha mtoto huyo kwa siku ni kilo 11 mara 60, yaani 660. Hakukosea popote. Kila boksi peke yake lilikuwa sahihi, na yakikaa pamoja yakazidisha. Akifanya hivyo siku tatu mfululizo kwa mtoto asiyekula, ini linaanza kulemewa, na hakuna siku hata moja ambayo anaweza kuinyooshea kidole akasema hapa ndipo nilipokosea. Kuzidisha kwa namna hii, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kunatia hofu kwa sababu hakuna chupa tupu ya kumshtua mtu. Hesabu hiyo hiyo inahusu na parasetamoli ya kuweka njia ya haja kubwa: nayo ni dozi, ihesabiwe pamoja na za kunywa.

Nikuambie na msimamo wangu kuhusu dawa za mafua za mchanganyiko kwa watoto wadogo, maana najua nitaulizwa. Mimi siziuzi kwa mtoto wa umri wa mwanao. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2008 kwamba dawa za mafua na kikohozi za kununua bila cheti zisitumike kwa walio chini ya miaka miwili, na Uingereza mwaka 2009 ikapandisha umri hadi miaka sita kwa dawa nyingi za aina hiyo. Sababu yao ni rahisi: faida kwa mtoto mdogo haikuonekana, na madhara yalionekana, kama mapigo ya moyo kwenda mbio, usingizi usio wa kawaida, na hata degedege. Pua ya mtoto iliyoziba inafunguliwa na matone ya maji ya chumvi yanayouzwa kwa kazi hiyo, tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya au kula. Najua hayafurahishi kama dawa tamu ya rangi, na mtoto atapiga kelele. Mnyonyeshe baadaye, atatulia.

Sasa kijiko. Boksi linaposema mililita 5 halimaanishi kijiko chochote ulicho nacho. Vijiko vya chai vya nyumbani vinatofautiana sana, na kijiko cha chakula ni kama mara tatu ya cha chai. Kwenye boksi mara nyingi kuna kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari, au kijiko chenye alama ya 2.5 na 5. Kwenye matone kuna kidude cha kudondoshea. Kosa ninalokutana nalo ni vifaa kuhama: kikombe cha dawa ya kikohozi kinatumika kwa dawa ya homa, au kidude cha matone kinatupwa na matone yanapimwa kwa kikombe. Nenda duka la dawa lolote, omba bomba la mililita 5 bila sindano, ni la bei ndogo. Vuta dawa, weka bomba wima mbele ya macho, soma pale mpira unapogusa mstari, kisha mwagia taratibu ndani ya shavu, si kooni, mtoto akiwa ameketi au umemwinua kichwa. Kwa matone tumia bomba la mililita 1 au 2, kwa sababu kwenye bomba kubwa ni vigumu kuiona 1.2.

Kuna kitu kimoja ambacho boksi haliwezi kukuambia, nacho ni kama chupa iliyomo ndani ni yake. Nimeona boksi la 120 mg/5 ml limewekewa chupa ya 250, kwa sababu nyumbani boksi moja lilichanika na jingine likabaki. Ndiyo maana nilikutaka uangalie chupa kabla hujampa. Linganisha mambo matatu, na macho yanamaliza kazi hiyo kwa nusu dakika: mg na ml kwenye boksi ziwe sawa na za chupa, tarehe ya EXP, yaani ya mwisho wa matumizi, iwe sawa, na namba ya toleo, yaani ya fungu la chupa zilizotengenezwa pamoja, inayokaa karibu na EXP iwe sawa. Kama hayalingani, usitumie. EXP ikiwa mwezi na mwaka tu, mathalani 08/2027, dawa ni halali hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Kuna tarehe nyingine pembeni, ya kutengenezwa, na watu huzichanganya. Tazama ipi imetangulia. Kwa dawa za unga zinazochanganywa na maji, kama amoksilini, EXP ya boksi inakoma kuwa na maana siku ulipotia maji. Kuanzia hapo ni idadi ya siku iliyoandikwa kwenye lebo, nyingi saba hadi kumi na nne, halafu kinachobaki kinatupwa.

Namba ya toleo ina kazi nyingine inayonifanya niwaombe wazazi wasitupe boksi kabla dawa haijaisha. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia, zikiwa na sumu za kundi la glikoli ambazo huharibu figo, na watoto wengi walikufa huko. Aprili 2024 bodi inayosimamia dawa nchini Kenya iliondoa sokoni toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto kwa tuhuma ya sumu ya aina hiyo hiyo, baada ya Nigeria kutangaza kuwa imeikuta ndani yake. Tangazo kama hilo linapotoka hutaja jina na namba ya toleo. Aliyetupa boksi na chupa yake imefutika hawezi kujua kama ni ile. Sumu yenyewe haionekani wala hainusiki, kwa hiyo kusoma boksi hakukulindi nayo moja kwa moja. Dalili ya kuangalia kwa mtoto aliyekunywa dawa ya maji ni kupungua au kukatika kwa mkojo. Nepi ikikaa kavu mchana kutwa, mpeleke hospitali na chupa yake.

Na ukishagundua umezidisha, iwe ni wewe au mwingine nyumbani, usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani yatapooza. Andika saa za kila dozi na kiasi, hata kama ni makadirio. Beba boksi, chupa na kilichobaki ndani, na kadi ya kliniki. Nenda hospitali hata kama mtoto anacheza. Mwambie daktari jumla ya mililita na mg zilizoandikwa, wala usiogope kwamba atakugombeza. Wazazi wanaochelewa kwa aibu ndio wanaokosa zile saa 8.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu akiwa na homa, hilo ni jambo jingine kabisa: asipewe dawa ya boksi lolote nyumbani, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Wako amevuka umri huo, lakini najua jirani yako ana kichanga, basi umfikishie.

Kwa usiku huu andika kwenye boksi la 120 "kilo 11, mililita 5, mwisho mara nne", kwa kalamu nene, na saa ya dozi ya kwanza chini yake. Lile la matone lifunge kwa raba pamoja na kidude chake na uandike "matone, 1.2 tu", au uniletee nikuwekee mpaka atakapolihitaji. La mafua ulilete kesho mkitoka kupima malaria, boksi pamoja na chupa, tulisome wote wawili pale dirishani penye mwanga.